Mtetezi wa ndani ni nani hasa?

Katika kuuziana kampuni kwa kampuni, mtetezi wa ndani ni mfanyakazi wa mteja anayeipigania huduma yako kwenye vikao usivyoingia. Neno lake husikilizwa pale, na tatizo unalolitatua linamsumbua yeye mwenyewe kazini.

Kinachoudhi ni kuona jina hili, kwenye ripoti za mauzo, likipewa yeyote anayepokea simu haraka na kukudokeza kinachoendelea ofisini. Huyo ni mtoa habari. Ana faida yake, maana atakwambia bajeti hufungwa lini na nani anapinga, ila hajaweka jina lake rehani kwa ajili yako. Kumtambua ni rahisi: mwombe jambo litakalomgharimu kidogo. Mwombe akukutanishe na mkuu wa fedha, au asome rasimu ya hoja zako na kukata zisizofaa. Mtetezi atafanya, au atakueleza kwa nini wakati haujafika. Mtoa habari atasema "nitaangalia", na wiki tatu baadaye bado mnaandikiana ninyi wawili tu.

Ukishampata mtetezi, kazi kubwa ni kumpa silaha, na hapa wengi humtumia slaidi arobaini zenye nembo yao. Ataziwasilisha kwa bosi wake na hazitafunguliwa. Anachohitaji ni ukurasa mmoja ulioandikwa kwa lugha ya kampuni yake, usio na nembo yako, ambao anaweza kuuhariri na kuuita wake.

Chukua meneja wa ghala anayetaka mfumo wa kufuatilia bidhaa. Mkuu wa fedha atamuuliza: kwa nini sasa, na majedwali tuliyonayo yana kasoro gani? Akijibu kwamba mfumo wako "huokoa asilimia 30 ya muda", ataulizwa namba imetoka wapi na atakwama, kwa sababu ni yako. Kaeni mhesabu pamoja: makarani wanne, saa mbili kila siku za kulinganisha hesabu, siku 22 za kazi, sawa na saa 176 kwa mwezi. Namba hiyo ataitetea hata akiamshwa usiku, kwa kuwa makarani ni wake. Ongezeni gharama kamili, pamoja na mafunzo na kuhamisha data, kabla hajaulizwa. Kisha mwandalie majibu mafupi kwa watu wa TEHAMA kuhusu usalama wa data, na kwa idara ya ununuzi kuhusu namna ya kuvunja mkataba. Yafanyieni mazoezi kwa sauti, wewe ukiwa mkuu wa fedha.

Mtetezi anaweza kuhamishwa au kuacha kazi katikati ya mchakato, kwa hiyo mwombe mapema akutambulishe kwa mwenzake wa idara nyingine.

Basi kwenye ripoti ijayo, kama mtu wako hajawahi kukuombea kikao wala kugusa rasimu yako, mwandike mtoa habari. Akishafanya moja kati ya hayo, badilisha.