Laini ikiibwa, PIN ya WhatsApp inakusaidia wapi na inaishia wapi

Dhana: "Simu yangu ina nywila na alama ya kidole. Mwizi ataambulia kasha tupu."

Ukweli: Nywila hiyo inalinda simu, hailindi laini. Tuseme mama anayeuza dagaa pale Deep Sea, Tanga, ananyakuliwa simu asubuhi wateja wakiwa wamemzonga. Mwizi mjanja hahangaiki na nywila. Anachomoa laini, anaipachika kwenye simu yake, anajibip kwenye simu nyingine ili aione namba, kisha anafungua WhatsApp na kuiandika. Namba ya uthibitisho ya tarakimu 6 inaingia kwa meseji, kwenye laini ambayo sasa anayo yeye. Kama mama hakuweka PIN, akaunti imeshahama. Kabla ya adhuhuri wanakikoba wenzake wa Ngamiani wanapata ujumbe kutoka kwa jina wanalolijua: nimekwama, nirushie elfu hamsini kwenye namba hii.

Dhana: "PIN si ndiyo hiyo namba inayokuja kwa meseji?"

Ukweli: Zote mbili zina tarakimu 6, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganya. Ya meseji inatumwa na WhatsApp kila akaunti inaposajiliwa kwenye simu, na anayeshika laini ndiye anayeipata. PIN unaitunga mwenyewe na haitumwi kwa meseji. Mwizi akishaandika namba ya meseji, anadaiwa PIN, na laini aliyoiba haina jibu.

Kuiweka ni kazi ya dakika mbili: fungua Settings, ingia Account, kisha Two-step verification, bonyeza Turn on, uandike PIN yako mara mbili. Usitumie tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA inaanza na tarehe hiyo hiyo, na kitambulisho mara nyingi kinakaa kwenye pochi iliyoibwa pamoja na simu. Baadaye WhatsApp itakuwa inakuuliza PIN mara mojamoja ili usiisahau. Inauliza ndani ya programu yenyewe tu. Anayekupigia akidai ni "huduma kwa wateja" na kuitaka, mkatie.

Dhana: "Nimeshaweka PIN, laini nitairudisha mwisho wa mwezi."

Ukweli: Hili ndilo linalowaumiza hata waliojipanga. PIN haimfungii mwizi milele. WhatsApp imeacha mlango kwa wanaosahau PIN zao: baada ya kusubiri siku 7, mwenye laini anaweza kuingia bila PIN. Programu haijui kama anayesubiri ni wewe uliyesahau au kibaka aliyetulia tu.

Kwa hiyo yule mama wa Deep Sea, hata kama ana PIN, siku hiyohiyo aazime simu apige kwa mtandao wake laini ifungwe, kisha aende dukani kwao na namba yake ya NIDA na kidole chake, airudishe. Laini mpya ikisoma, ile ya mwizi inakufa. Ataweka WhatsApp kwenye simu nyingine, ataandika namba ya meseji na PIN yake, basi, amerudi.

Asiyekuwa na PIN ana shida ya kinyume. Mwizi akishaingia anaweza kuweka PIN yake mwenyewe. Mama akirudisha laini na kuandika namba ya meseji, mwizi anatolewa papo hapo, lakini mama naye anadaiwa PIN asiyoijua, na sasa ni yeye wa kusubiri siku 7.

Dhana: "Barua pepe wanayoomba ni pambo."

Ukweli: Ukiongeza barua pepe, ukisahau PIN utaibadilisha kupitia hiyo. Binafsi naona iwekwe, ila kwa tahadhari. Anayeweza kufungua barua pepe hiyo anaweza kuiondoa PIN. Na barua pepe nyingi zenyewe zinarudishwa kwa meseji inayokuja kwenye laini ileile iliyoibwa! Mwizi anabofya "nimesahau nywila", anapokea meseji, anaingia kwenye barua pepe, kisha anafuta PIN, wala hahitaji kungoja siku 7. Weka barua pepe ambayo kuirudisha hakutegemei laini hiyo peke yake.

Dhana: "Ataona meseji zangu zote za zamani."

Ukweli: Mazungumzo hayakai kwenye laini. Yako kwenye simu na kwenye nakala ya akiba kama uliiwasha, na nakala hiyo inataka akaunti yako ya Google au ya iCloud. Mwizi mwenye laini tu anapata makundi uliyomo na ujumbe unaoingia kuanzia hapo. Kwa anayetaka kuomba hela kwa jina lako, hicho kinamtosha.