Barua pepe ya maandishi matupu: maana yake, na kwa nini huleta majibu

Barua pepe ya maandishi matupu, katika maana yake ya kiufundi, ni ile inayosafiri ikiwa na herufi tu, bila rangi, bila maneno yaliyokolezwa na bila picha ndani yake. Ndani ya ujumbe aina hiyo hutajwa kwa alama `text/plain`, na ile iliyopambwa hutajwa kwa `text/html`. Programu nyingi hutuma sura zote mbili katika bahasha moja, kisha programu ya mpokeaji huchagua ya kuonyesha. Anayetumia Gmail anaweza kuufungua ujumbe, akabonyeza "Show original", na kuona alama hizo mwenyewe.

Hata hivyo, watu wanaoandikia wateja wasiowafahamu hulitumia neno hilo kwa maana pana zaidi. Kwao, maandishi matupu ni barua inayoonekana kama iliyoandikwa na mtu mmoja kwa mtu mmoja: aya mbili au tatu fupi, bila nembo ya kampuni, bila vitone vya orodha na bila picha. Ndani yake inaweza kuwa `text/html`, na mpokeaji asijue wala asijali.

Tuchukue mfano wa mafundi watatu wa viyoyozi walioko Dar es Salaam, wanaotaka kazi katika hoteli za ufukweni Zanzibar. Barua yao ya kwanza ina nembo juu, picha ya gari lao, na vitone sita: usakinishaji, usafishaji, ujazaji wa gesi, vipuri, dhamana, bei nafuu. Meneja anaifungua kwenye kompyuta ya ofisini, ambako programu kama Outlook kwa kawaida huzuia picha za kutoka kwenye mtandao hadi mpokeaji aruhusu. Kwa hiyo anachokutana nacho kwanza ni kisanduku kitupu mahali pa nembo, kingine mahali pa gari, halafu orodha. Kabla hajasoma neno lolote amekwisha kujua kwamba hili ni tangazo, na tangazo halidai jibu.

Vitone vina kasoro yao hata pasipo picha. Orodha huvunja uhusiano kati ya jambo na jambo, kwa kuwa maneno kama "kwa sababu" na "ndiyo maana" hayapati nafasi, na kazi ya kuunganisha huachiwa msomaji ambaye hana sababu ya kuifanya. Zaidi ya hayo, vitone sita ni maombi sita, na meneja hajui lipi analotakiwa kulijibu. Sasa linganisha na hii:

"Ndugu Meneja, habari za kazi. Hoteli yenu iko ufukweni, na hewa ya chumvi hula mapezi ya viyoyozi vya nje mapema. Sisi ni mafundi watatu wa Dar es Salaam, na kazi yetu ni kuyasafisha na kuyapaka dawa ya kuzuia kutu. Je, kwenu kazi hiyo husimamiwa na nani?"

Swali la mwisho linajibika kwa jina moja tu, hata kwa simu ya mkononi meneja akiwa njiani. Kwa maoni yangu, nguvu ya barua hii iko hapo hasa. Kukosa mapambo kunasaidia tu kwa kuwa hakulifichi swali. Tangazo likifutwa nembo na kubaki na maneno yaleyale litabaki kuwa tangazo.

Upo pia upande wa mashine. Tangu mwaka 2013 Gmail huweza kupanga ujumbe wa matangazo katika kichupo cha "Promotions", na wingi wa picha na viungo ni miongoni mwa mambo yanayoufanya ujumbe ufanane na tangazo. Maandishi matupu si kinga: barua ileile ikitumwa kwa watu elfu moja, na wengi wakaibonyeza kuwa taka, itaishia kwenye taka.

Huduma nyingi za kutuma barua huweka ndani yake picha ndogo isiyoonekana ili kuhesabu waliofungua, na picha hiyo peke yake hulazimu ujumbe uwe na sehemu ya `text/html`. Hesabu yenyewe haiaminiki, kwa sababu tangu 2021 programu ya Mail ya Apple, kwa wanaowasha ulinzi wake wa faragha, hupakua picha hata kama mtu hajaisoma barua. Basi kinachofaa kuhesabiwa ni majibu. Mafundi wetu wakigawa hoteli 100 nusu kwa nusu, wakapata majibu mawili kwa barua ya vitone na manne kwa ile ya aya, tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu.

Picha zina nafasi yake. Meneja akijibu "tuma mfano wa kazi yenu", picha ya mapezi kabla na baada ya kusafishwa itamweleza zaidi ya aya nzima, na vitone vya bei kwa kila kiyoyozi vitamrahisishia kulinganisha, kwa kuwa safari hii ameviomba mwenyewe.