Tundu la HDMI Kwenye Kompyuta Mpakato na Monita ya Hz 165: Kikwazo Kiko Wapi?

Ndiyo, tundu la HDMI kwenye kompyuta mpakato linaweza kuwa ndilo linaloizuia monita yako ya michezo isifikie kasi iliyoandikwa kwenye boksi lake. Swali hili hutufikia mara kwa mara kutoka kwa watu walionunua monita ya Hz 144 au 165, wakaichomeka, na Windows ikawapa Hz 60 au 75 basi. Wengine hukimbilia kununua kebo mpya, wengine huirudisha monita dukani wakidai ni mbovu. Kabla ya kufika huko, kuna hesabu ndogo ya kuzidisha ambayo humaliza sehemu kubwa ya ubishi.

Hz ni idadi ya mara ambazo monita huchora picha upya katika sekunde moja. Picha yenye upana wa pikseli 2560 na kimo cha pikseli 1440, ambao ni ukubwa wa kawaida kwa monita za michezo za inchi 27, ina pikseli 3,686,400. Ukiichora mara 60 kwa sekunde unasafirisha pikseli milioni 221. Ukiichora mara 144 zinakuwa milioni 531, na mara 165 zinakuwa milioni 608. Juu ya hapo ongeza kama asilimia kumi hivi, wakati mwingine zaidi, kwa ajili ya mapengo kati ya mstari na mstari na kati ya picha na picha. Mapengo hayo ni urithi wa enzi za runinga za kichogo, lakini hadi leo yanasafiri ndani ya kebo na yanakula nafasi.

Sasa tazama njia yenyewe. HDMI 1.4, iliyotangazwa mwaka 2009, ukomo wake ni pikseli milioni 340 kwa sekunde kwa rangi za kawaida za biti 8. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 ilipandisha ukomo huo hadi milioni 600. HDMI 2.1 ya mwaka 2017 ilikuja na namna mpya kabisa ya kusafirisha data, iitwayo FRL, inayoweza kufika gigabiti 48 kwa sekunde, ilhali 2.0 huishia gigabiti 18.

Ukiweka namba hizo kando kwa kando, majibu yanajitokeza yenyewe. Kwa picha ya 2560 × 1440, HDMI 1.4 inaweza Hz 75, lakini Hz 144 haiwezi hata kwa kubembelezwa. HDMI 2.0 inaibeba Hz 144, ila Hz 165 inaishinda, kwa sababu milioni 608 zimeshavuka milioni 600 kabla hata ya kuhesabu mapengo. Kwa picha ya 1920 × 1080, HDMI 1.4 hufika Hz 120 bila taabu. Hz 144 iko ukingoni kabisa, milioni 299 pamoja na mapengo yanayoisogeza karibu na 340 au kuipitisha kidogo, na ndiyo maana watu wawili wenye mashine zinazofanana kwa jina hubishana, mmoja akisema inawezekana na mwenzake akiapa haiwezekani. Wote wawili wanasema kweli. Inategemea monita imeomba mapengo mapana kiasi gani.

Kufikia hapa mtu atasema: basi nitazame tu toleo la HDMI la mpakato wangu. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu tundu unaloliona ubavuni mwa mashine halina toleo lake lenyewe. Uwezo wake unatoka kwenye chipu iliyounganishwa nalo kwa ndani. Mpakato wa michezo mara nyingi una chipu mbili za picha: moja imo ndani ya prosesa, na nyingine ni kadi ya picha inayojitegemea, kwa mfano ya NVIDIA. Mtengenezaji ndiye anayeamua tundu la HDMI liungwe na ipi, na uamuzi huo mara chache sana huandikwa kwenye tangazo.

Chukua mfano wa mpakato wenye prosesa ya Intel Core i5-8300H na kadi ya GTX 1050, aina ambayo bado inauzwa sana kama mtumba. Ukisoma sifa za GTX 1050 utakuta inaimudu HDMI 2.0. Mnunuzi anapiga hesabu, anaridhika kwamba 1440 kwa Hz 144 itapita, ananunua monita. Akifika nyumbani, orodha ya Windows inaishia Hz 75. Hakuna kilichoharibika. Tundu la HDMI kwenye mashine yake limeungwa na chipu ya picha ya Intel, na chipu za Intel za kizazi hicho zenyewe huishia HDMI 1.4. Baadhi ya watengenezaji waliongeza kijichipu cha kugeuza ishara ili tundu lifike 2.0, wengine hawakuona haja ya gharama hiyo. Kadi ya NVIDIA kwenye mashine hii inachora mchezo vizuri tu, kisha picha inapitishwa kwa Intel ili itoke nje, na mlango wa Intel ndio mwembamba.

Kujua mashine yako imeungwa vipi hakuhitaji bisibisi. Chomeka monita kwenye HDMI, fungua NVIDIA Control Panel, ingia `Configure Surround, PhysX`. Hapo utaona mchoro wa matundu na chipu inayoyamiliki. Ikiwa HDMI imeandikwa chini ya Intel, sifa za kadi yako ya NVIDIA hazikusaidii kitu kwenye tundu hilo. Kwenye mashine nyingine programu hiyo hukataa kabisa kuonyesha mipangilio ya skrini, ikisema hutumii skrini iliyounganishwa na kadi ya NVIDIA, na hilo nalo ni jibu tosha.

Baada ya hapo nenda `Settings`, `System`, `Display`, kisha `Advanced display`, uchague monita ya nje na kutazama kasi inayoonyeshwa. Andika kasi ya juu kabisa unayopewa kwa 2560 × 1440. Kisha shusha ukubwa wa picha hadi 1920 × 1080 na utazame tena. Ikiwa ya kwanza iliishia 75 na ya pili ikaishia 120 au 144, umegonga ukomo wa milioni 340, yaani HDMI 1.4. Ikiwa ya kwanza iliishia 144 na ya pili ikafika 165 kamili ya monita, ukomo ni wa milioni 600. Wenye kadi za NVIDIA wazingatie jambo moja: kwenye ukurasa wa `Change resolution`, orodha ya juu huwa ni ya ukubwa wa runinga, na kasi za juu za monita zimo chini kwenye kundi la `PC`. Wapo waliohangaika bure kwa kutoshuka tu na orodha.

Jaribio hilo lina upungufu mmoja: halisemi ni upande gani wenye ukomo. Monita nazo hubania matundu yake. Zipo nyingi za bei nafuu zenye Hz 165 kwenye DisplayPort, aina nyingine ya tundu la picha, huku HDMI yake ikiishia 144 au hata 120, na huandika hivyo kwa herufi ndogo kwenye kitabu cha maelezo. Monita hutuma kwa kompyuta orodha ya kile inachoweza, na kila tundu lina orodha yake. Kwa hiyo soma mstari wa HDMI kwenye kitabu hicho kabla ya kuulaumu mpakato.

Na kebo je? Kwa HDMI 1.4 na 2.0, kebo ya kawaida haina njia ya kuiambia kompyuta ina uwezo gani, hivyo aghalabu haifupishi orodha ya Hz. Kebo dhaifu hujionyesha kwa namna nyingine: unachagua Hz 144, inakubali, kisha skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde moja na kurudi, au vinatokea vinukta vinavyometameta, au ishara inapotea kabisa. Orodha ikiwa fupi, kagua matundu. Orodha ikiwa ndefu lakini picha haitulii, badilisha kebo. Kwa ukomo wa 2.0 tafuta iliyoandikwa `Premium High Speed`, na kwa 2.1 iliyoandikwa `Ultra High Speed`.

Maandishi ya "HDMI 2.1" kwenye mashine mpya nayo yasikulaze. Shirika linalosimamia leseni za HDMI lilieleza mwaka 2021 kwamba toleo 2.0 limemezwa ndani ya 2.1, na kwamba uwezo mpya, pamoja na FRL, ni wa hiari. Kwa lugha nyepesi, tundu linaweza kuitwa 2.1 na bado likaishia gigabiti 18 zilezile za 2.0. Muulize muuzaji kama linatoa 4K kwa Hz 120, au tafuta namba ya gigabiti kwenye sifa zake. Namba ya toleo peke yake haitoshi.

Tukirudi kwa mwenye GTX 1050: anaweza kubaki kwenye HDMI na kucheza 1920 × 1080 kwa Hz 120. Kwa kadi ya kiwango hicho, kwa maoni yangu, hilo ni jambo la busara, maana michezo mizito haitafika hata picha 120 kwa sekunde. Lakini kama mashine ina USB-C yenye alama ya DisplayPort au ya radi, ipo njia bora zaidi. DisplayPort 1.2 ikitumia njia zake zote nne hubeba takriban pikseli milioni 720 kwa sekunde, na hapo 2560 × 1440 kwa Hz 165 inapita. Tumia kebo ya moja kwa moja ya USB-C kwenda DisplayPort. Ukipitia kituo chenye matundu mengi ya USB, mara nyingi nusu ya njia huchukuliwa na data, zinabaki milioni 360, na unarudi karibu kulekule ulikotoka. USB-C isiyo na alama yoyote huenda haitoi picha kabisa.

Anayepata Hz 144 badala ya 165 kwa sababu ya HDMI 2.0 asihangaike sana. Kwenye Hz 144 picha mpya huja kila milisekunde 6.9, kwenye 165 kila milisekunde 6.1, tofauti ambayo wachezaji wengi hawataihisi. Kutoka 75, ambapo ni milisekunde 13.3, kwenda 144 ndiko kunakoonekana kwa macho. Hata hivyo, ukiwasha HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi pana zaidi, kwa rangi za biti 10, ukomo wa HDMI 2.0 unashuka hadi milioni 480, na 1440 kwa Hz 144 haitoshei tena bila kupunguza rangi. Ukiona kingo za herufi zimeingia rangi za ajabu baada ya kuiwasha, zima HDR au shusha Hz.

Jambo la mwisho ni la pesa. Kebo nyingi za bei rahisi zenye kichwa cha HDMI upande mmoja na DisplayPort upande wa pili hufanya kazi kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita tu. Ukiigeuza ili itoke HDMI ya mpakato kwenda DisplayPort ya monita, skrini itabaki nyeusi. Adapta ya kufanya hivyo ipo, ina chipu ndani na mara nyingi huhitaji umeme wa USB, lakini ukomo wa tundu la HDMI unabaki palepale.