Taa ya neoni ya kijani kwa kawaida haina neoni

Mteja aliniletea bango lenye neno KARIBU kwa rangi ya kijani. Mrija wa herufi ya mwisho, U, ulikuwa kijani upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa umefifia ukawa zambarau. Alidhani neoni imevuja. Nikamwambia kwamba mrija ule haukuwahi kutiwa neoni.

Neoni yenyewe ina rangi moja tu, nyekundu ya kuelekea chungwa, ile ambayo Georges Claude aliionyesha Paris mwaka 1910. Hewa hutolewa mrijani, gesi kidogo hutiwa kwa kanieneo ya takriban sehemu moja ya mia ya hewa ya kawaida, kisha transfoma hupitisha umeme wa maelfu ya volti. Elektroni zinazokimbia hugonga atomi, nazo atomi hurudisha nishati hiyo kama nuru. Kila atomi ina viwango vyake vya nishati visivyobadilika, na nuru ya neoni inayoonekana huangukia zaidi kwenye chungwa na nyekundu. Kioo kikiwa hakijapakwa kitu, rangi unayoiona ni ya gesi yenyewe.

Kijani kina njia ndefu zaidi. Mrijani huwekwa gesi ya agoni na tone la zebaki. Agoni peke yake hutoa zambarau hafifu. Kazi yake ni kuwasha mkondo na kupasha mrija joto mpaka zebaki itoe mvuke. Mvuke huo hung'aa kibuluu, lakini pia hutoa kwa wingi mionzi ya urujuanimno ya nanomita 254, ambayo jicho haliioni na kioo cha kawaida hakiipitishi. Ndiyo maana poda hupakwa ndani ya kioo, si nje. Poda ya silikati ya zinki yenye manganizi kidogo humeza mionzi hiyo na kuirudisha kama nuru ya kijani. Ukibadili poda, gesi ileile itakupa nyeupe au waridi.

Poda hushusha nishati, haiipandishi. Nuru nyekundu ya neoni ina nishati ndogo kuliko ya kijani, kwa hiyo hakuna poda ya kawaida itakayoigeuza kuwa kijani.

Nikaizima ile U nikaitazama mchana. Poda ilikuwa nyeupe sawasawa kote, kwa hiyo haikuwa imeharibika. Tone la zebaki ndilo lilikuwa limekaa ncha moja. Upande wa pili ulikuwa unaonyesha agoni tupu. Niliuinamisha mrija polepole, tone likapita kwenye mkunjo hadi upande wa pili, kisha nikauacha ukiwaka kwa saa kadhaa.

Baridi kali nayo hufifisha mrija wa aina hii, kwa sababu mvuke wa zebaki hupungua. Lakini kama zambarau ingerudi na mrija kuanza kucheza-cheza, ningeshuku ufa unaoingiza hewa, na mrija wa zebaki wenye ufa haukarabatiwi mezani, kwani mvuke wake ni sumu.

Kufikia jioni, U ilikuwa kijani kote.