PS3 inayocheza diski za PS2: utangamano wa nyuma na emulesheni

Pita Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, ukitafuta PlayStation 3 iliyotumika, utamkuta muuzaji anayesema: "Yaya, hii inachezaka zote, ya moja, ya mbili, ya tatu. Iko na emulesheni." Sogea meza ya pili, mwingine atakuonya usichukue ile, kwa kuwa "haina utangamano wa nyuma, inaiga tu". Nimeyasikia hayo mara nyingi mno, hata kwa vijana wanaoendesha vyumba vya michezo na wanaojua kufungua mashine na kusafisha feni yake. Wa kwanza anataja njia kana kwamba ni sifa ya mashine. Wa pili anadhani njia ile inaifuta sifa. Mnunuzi aliye katikati anaondoka na mashine ambayo hataweza kuitumia kwa diski alizonazo nyumbani.

Maana zenyewe ni fupi. Utangamano wa nyuma ni uwezo wa konsoli mpya kucheza michezo iliyotengenezwa kwa konsoli iliyoitangulia. Emulesheni ni programu inayojifanya mashine nyingine: inasoma maagizo yaliyoandikwa kwa prosesa ya zamani, inayageuza kuwa maagizo ambayo prosesa ya sasa inayaelewa, kisha inayatekeleza. Neno la kwanza linajibu swali "je, inacheza?" La pili linajibu "inachezaje?" Konsoli inaweza kuwa na utangamano wa nyuma bila emulesheni yoyote, au kwa emulesheni tupu, au kwa mchanganyiko wa hivyo viwili. Na emulesheni inaweza kuwepo mahali pasipo na utangamano wa nyuma hata kidogo, kama pale kompyuta ya kawaida inapochezeshwa michezo ya PS2, kwa kuwa kompyuta hiyo haikuzaliwa kuirithi PS2.

PS3 inafaa kuliko mashine nyingine kuonyesha tofauti hii, kwa sababu ndani ya jina moja njia zote zilipita kwa muda mfupi.

Ilipotoka Novemba 2006, modeli mbili za kwanza, CECHA ya gigabaiti 60 na CECHB ya gigabaiti 20, zilikuwa na chipu halisi za PS2 ndani yake. Prosesa ya PS2 inaitwa Emotion Engine, na chipu yake ya kuchora picha inaitwa Graphics Synthesizer. Zote mbili zilikaa kwenye ubao wa PS3 pamoja na prosesa ya PS3 yenyewe, Cell. Ukiweka diski ya PS2, mchezo unatekelezwa na chipu zilezile ambazo uliandikiwa. Hapo kazi kuu ya mchezo haihitaji kugeuzwa maagizo yake. Ni utangamano wa nyuma kwa njia ya vifaa, na ni ghali, kwa kuwa kila mashine inabeba sehemu ya mashine nyingine ndani yake.

Machi 2007 PS3 ikafika Ulaya na modeli CECHC, na baadaye Amerika ikapata CECHE ya gigabaiti 80. Katika hizo Emotion Engine iliondolewa, lakini Graphics Synthesizer ikabaki. Kazi ya prosesa iliyoondolewa ikachukuliwa na programu inayoendeshwa na Cell. Emotion Engine ni ya ukoo wa MIPS, na Cell ni ya ukoo wa PowerPC, kwa hiyo maagizo ya moja hayasomeki na nyingine mpaka yageuzwe wakati mchezo ukiendelea, kama mkalimani anayesimama kando ya mhubiri na kufasiri sentensi kwa sentensi. Hii ni nusu vifaa, nusu emulesheni. Diski za PS2 bado zilikuwa zinacheza, ingawa si zote kama kwenye zile za kwanza.

Kwa nini waliondoa prosesa wakaacha chipu ya picha? Swali hili watu hawaliulizi, na jibu lake linaeleza mengi. Kwa mwendo wa prosesa, Cell ilikuwa na nafasi: inakimbia gigahezi 3.2, na Emotion Engine iko karibu megahezi 295. Kuna akiba ya kulipia kazi ya kufasiri. Kwenye picha hali ilikuwa kinyume. Graphics Synthesizer ina kumbukumbu ya megabaiti 4 tu, lakini imejengwa ndani ya chipu yenyewe, na data inapita kati yake na sehemu ya kuchora kwa gigabaiti 48 kwa sekunde. Watengenezaji wa michezo ya PS2 waliuegemea mwendo huo. Walichora moshi, mvua na mwanga kwa kupaka tabaka juu ya tabaka mahali palepale pa skrini, jambo ambalo mashine nyingine lingeilemea. Chipu ya picha ya PS3 ni mpya zaidi na ina kumbukumbu kubwa zaidi, lakini njia yake ya kuifikia kumbukumbu hiyo haifiki nusu ya mwendo ule. Kwa hiyo mashine mpya ilikuwa na nguvu katika kila kitu isipokuwa kile ambacho michezo ya zamani ilikitegemea zaidi. Ndiyo maana "konsoli mpya ina nguvu, lazima iweze ya zamani" ni hoja isiyotosha.

Mwishoni mwa 2007 ikaja CECHG ya gigabaiti 40. Hapo Graphics Synthesizer nayo ikaondoka, na diski za PS2 zikaacha kucheza. Modeli zote zilizofuata, pamoja na zile nyembamba, ziko hivyo.

Lakini ziweke diski ya PS1, zinacheza. Kila PS3 inacheza PS1, kwa emulesheni tupu, bila chipu yoyote ya zamani. PS1 ina prosesa ya takriban megahezi 34 na kumbukumbu kuu ya megabaiti 2. Kuiiga si mzigo kwa Cell. Basi muuzaji anayekuonyesha mchezo wa PS1 ukikimbia vizuri kwenye PS3 yake hajakudanganya, ila hajathibitisha chochote kuhusu PS2. Na yule anayesema kuwa kuiga si utangamano ajue kwamba utangamano wa PS3 na PS1 ni kuiga mwanzo hadi mwisho, umetoka kwa mtengenezaji mwenyewe, na unafanya kazi.

PS2 nayo ilikuwa na hadithi yake. Prosesa ya PS1 iliwekwa ndani ya PS2. Wakati wa mchezo wa PS2 inashughulikia manete, kadi za kumbukumbu na diski. Ukiweka mchezo wa PS1 inageuka kuwa prosesa kuu. Kuanzia modeli nyembamba za SCPH-75000, prosesa hiyo ilibadilishwa kwa chipu ya PowerPC inayoiiga. Wateja wengi hawakugundua, ingawa michezo michache ilileta shida. Kwa nje sifa ilibaki ileile, na njia ikabadilika chini yake.

Kwa mtu anayenunua, tofauti hii inaonekana mchezo unapokwama. Kwenye mashine yenye chipu halisi, mchezo unafanya karibu kama ulivyofanya kwenye PS2, hata pale ulipokuwa unakwenda polepole. Kwenye emulesheni kasoro zinafuata mchezo: huu unacheza bila tatizo, ule unakosa vivuli, au sauti inatangulia picha, au unaganda. Angalia unagandia wapi. Kama ni palepale kila mara, tuseme mlango ukifunguka katika hatua fulani, na diski nyingine ya mchezo uleule inagandia hapohapo, basi programu ya kuiga ndiyo imeshindwa, na kusafisha lenzi hakutasaidia. Kama inaganda leo hapa kesho pale, na unasikia lenzi ikihangaika kutafuta, shughulikia diski au lenzi. Nimeona lenzi nzima zikibadilishwa bure kwa kutojua hili.

Pale mezani, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Herufi inayofuata CECH ndiyo inayosema ukweli: A na B zina chipu zote mbili, C na E zina moja, G na kuendelea hazina. Kama kibandiko kimekwanguka, hesabu matundu ya USB mbele. Zile zinazocheza diski za PS2 zina manne. Za baadaye zina mawili. Usitegemee ukubwa wa diski ngumu, kwa kuwa hiyo hubadilishwa kwa bisibisi, na gigabaiti 80 ziliuzwa kwenye modeli zenye uwezo na zisizo nao.

Hata ukipata CECHA, jua mipaka yake. PS3 ambayo ulinzi wa programu yake haujavunjwa haikubali diski za PS2 za kuchoma, na hizo ndizo zimejaa mitaani kwetu. Diski halisi za PS1 na PS2 nazo zimefungwa kwa kanda, kwa hiyo diski iliyotoka Ulaya na mashine iliyotoka Amerika hazielewani, hata kama chipu zote zipo. Kadi ya kumbukumbu ya PS2 haina tundu lake pale. Unatengeneza kadi ya ndani katika Memory Card Utility (PS/PS2) kwanza, vinginevyo utacheza usiku kucha na mchezo hautakuwa na mahali pa kuhifadhi.

Kwenye Xbox One njia inaenda mbali zaidi. Ukiweka diski ya Xbox 360 iliyo kwenye orodha ya michezo iliyoruhusiwa, mashine haichezi kutoka kwenye diski. Inapakua mchezo mzima kutoka mtandaoni, ukiwa umeandaliwa kwa emuleta, na diski inabaki kama ufunguo wa kuthibitisha kwamba ni wako. Huo pia ni utangamano wa nyuma, ingawa kwa mtu anayenunua megabaiti kwa siku unaweza usimfae.

Basi ndugu wa meza ya kwanza, ukisema mashine yako "iko na emulesheni", hujamjibu mteja. Mwambie inacheza diski za konsoli ipi, na umwonyeshe herufi. Na ndugu wa meza ya pili, CECHC ya jirani yako inaiga prosesa ya PS2, hilo ni kweli, na bado ina utangamano wa nyuma. Kama kuna mchezo ambao mteja anaupenda, aje na diski yake halisi ya kanda ileile, aucheze hapohapo mezani mpaka apite hatua mbili tatu kabla ya kutoa pesa.