Kuomba nafasi ya uzalishaji kiwandani kabla ya msimu: dhana potofu na ukweli

Dhana: Nimeshawatumia makadirio ya msimu, kwa hiyo nafasi yangu ipo.

Hapana. Makadirio ni habari tu. Mpangaji wa uzalishaji anayapokea kutoka kwa wateja wengi, anajua nusu yake hayatakuwa oda, na hafungi mashine kwa sababu ya jedwali lililoambatishwa kwenye barua pepe. Nafasi inakuwepo pale mpangaji anapoandika jina lako kwenye ratiba, mbele ya mashine fulani na wiki fulani. Mara nyingi hafanyi hivyo mpaka uwe umebeba sehemu ya hasara, ama kwa amana, ama kwa kukubali kulipia saa ulizozuia usipozitumia.

Kuna njia rahisi ya kujua umesimama wapi. Muulize: "Mmeniweka wiki gani, na mashine ipi?" Akijibu "usijali, tutakufanyia", ujue bado huna kitu.

Dhana: Ninachoomba ni idadi ya bidhaa.

Hapa ndipo wanunuzi wengi tunapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kiwanda hakiuzi vipande tu, kinauza saa. Tena si saa za kiwanda kizima, bali za kile kituo kinachobana kuliko vingine. Ukizuia saa za kituo kingine, umezuia hewa.

Chukua mfano wa vyombo vya plastiki vya kubebea chakula cha shule, 60,000, vyenye nembo iliyochapwa kwenye mfuniko. Kalibu ya bakuli inatoa mabakuli mawili kila sekunde 36, yaani 200 kwa saa. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Ondoa muda wa kubadilisha rangi, mashine kusimama na vipande vya kutupwa, ubaki na asilimia 80, yaani mabakuli mazima 160 kwa saa. Kwa 60,000 unahitaji saa 375. Kiwanda kikifanya kazi zamu mbili, saa 16 kwa siku, siku sita kwa wiki, hiyo ni takriban wiki nne. Mifuniko inatoka kwenye mashine nyingine yenye kasi zaidi, haitusumbui.

Mnunuzi wa kawaida anaishia hapo, anaomba wiki nne za mashine na kulala. Lakini kituo cha kuchapa nembo kinapitisha mifuniko 120 tu kwa saa. Gawanya 60,000 kwa 120, unapata saa 500, zaidi ya wiki tano. Kinachobana si ile mashine kubwa inayovuma, ni meza ya kuchapa iliyo kule kwenye kona. Na kwa kuwa wateja wengine wa msimu nao wanataka nembo, meza hiyo ndiyo inayojaa kwanza. Mabakuli yatakamilika kwa wakati, kisha yarundikane ghalani yakisubiri mifuniko.

Ukiomba vituo viwili vya kuchapa, kila kimoja kitafanya saa 250, zaidi kidogo ya wiki mbili na nusu, na sasa kinachobana kinarudi kuwa kalibu. Umeokoa zaidi ya wiki moja bila kununua mashine. Ndiyo maana swali la kwanza kwa kiwanda liwe: "Kwa bidhaa hii, ni kituo gani kinachowabana, na kinatoa vipande vizima vingapi kwa saa?" Wakikupa kasi iliyoandikwa na mtengenezaji wa mashine, omba wakupe kilichotoka kweli kwenye oda iliyopita.

Dhana: Nafasi ikishazuiwa, malighafi inakuja nayo.

Ni vitu viwili tofauti. Mashine inaweza kuwa yako kuanzia asubuhi na ikasimama kwa kukosa rangi. Plastiki yenyewe kwa kawaida si tatizo, wateja wengine pia wanaitumia. Kinachochelewesha ni vile vya kwako peke yako, yaani rangi maalumu na maboksi yenye chapa yako. Kama vinachukua wiki sita, na kazi inaanza tarehe 18 Oktoba, oda ya rangi iwe imetoka kufikia tarehe 6 Septemba, na sampuli ya rangi iwe imekubaliwa kabla ya hapo. Andika wazi nani ananunua na nani anabaki navyo usipochukua mzigo wote.

Dhana: Omba zaidi, watakupunguzia tu.

Ujanja huu unafanya kazi mara moja. Mwaka unaofuata mpangaji anafungua kumbukumbu, anaona uliomba 60,000 ukachukua 38,000, na kimya kimya anakukata theluthi. Halafu mwaka ule unaozihitaji kweli, huna pa kulalamikia.

Afadhali ugawe ombi sehemu mbili, ile unayoiapia na ile unayoiombea muda. Ombi linaweza kusomeka hivi:

> Ndugu Mpangaji, tunaomba mtuzuilie saa 375 za kalibu ya bakuli, na saa 250 kwa kila kituo cha kuchapa kwa vituo viwili, kati ya tarehe 18 Oktoba na 19 Novemba. Vyombo 40,000 ni oda ya uhakika na tutaweka amana. Vyombo 20,000 vilivyobaki vitengenezwe mwisho, na tutawathibitishia kufikia tarehe 5 Oktoba. Tusipothibitisha kufikia siku hiyo, saa zake mziuze kwa mwingine bila kutudai. Tukithibitisha kisha tukajitoa, tutalipia saa hizo. Tafadhali tujulisheni wiki na vituo mlivyotuwekea kwa maandishi.

Tarehe ya 5 Oktoba haikuokotwa. Theluthi hiyo ya mwisho inaanza kutengenezwa mwanzoni mwa Novemba, na kiwanda kinahitaji kama mwezi mmoja kumpata mteja mwingine wa kujaza pengo. Ukiomba uamue wiki moja kabla, umewatwika hasara yote, nao watakataa au watakupandishia bei. Na 19 Novemba imehesabiwa kurudi nyuma, kwa sababu mzigo unatakiwa ghalani tarehe 10 Desemba, na wiki tatu zinaliwa na ukaguzi na usafiri.

Dhana: Wakishakubali, kilichobaki ni kusubiri lori.

Nafasi nyingi hazipotei kwa kiwanda kuvunja ahadi. Zinapotea mikononi mwa mnunuzi. Mwaka mmoja nilichelewa siku nne kuidhinisha mchoro wa nembo kwa sababu watu wa masoko walikuwa wakibishana kuhusu unene wa mstari. Siku nne! Nikadhani nitasogezwa siku nne. Mpangaji alikuwa na mteja mwingine aliye tayari, akamwingiza, na mimi nikapelekwa mwisho wa foleni, siku 17 baadaye. Kimkataba alikuwa sahihi, maana mchoro ulitakiwa kufika siku 10 kabla ya kazi kuanza, na kifungu hicho nilikuwa nimekisoma haraka haraka.

Tangu hapo napiga simu mara mbili. Ya kwanza, wiki tatu kabla, kuuliza kama rangi na maboksi yamefika, si kama "yako njiani". Ya pili, siku ya tatu ya kazi, kuuliza vimetoka vipande vizima vingapi. Kwa mfano wetu, siku tatu za saa 16 zinapaswa kutoa mabakuli yapatayo 7,700. Wakisema 5,000, bado kuna muda wa kuomba zamu ya tatu au siku ya saba. Wiki ya nne hautakuwepo.