Kikumbusho cha mahali: duara likae wapi ili simu ikushtue kwa wakati

Mdogo wangu alinipigia simu jioni moja, sauti imejaa lawama. "Kaka, hiki kitu ulichoniwekea hakifanyi kazi. Nimeshafika nyumbani, nimeshavua viatu, ndiyo kinanikumbusha dawa za baba."

Anafanya kazi Posta, katikati ya Dar es Salaam. Jioni anapanda mwendokasi, anashuka Shekilango, halafu anatembea kama mita 700 hadi nyumbani. Duka la dawa liko pembeni ya barabara, hatua chache tu kutoka kituoni. Nilikuwa nimemwekea kikumbusho cha kumwambia anunue vidonge vya presha akifika dukani, na duara lenye nusu kipenyo cha mita 100 nikaliweka juu ya duka lenyewe. Kazi yangu ni kutengeneza programu za simu, na upande wa lokesheni nimeushughulikia kwa miaka. Hata hivyo, siku ile niliweka duara kama anavyoliweka mtu yeyote, na kosa lilikuwa langu.

Kwanza tuone simu inafanya nini. Ukiiambia ikukumbushe ukifika mahali fulani, inachora duara lisiloonekana kwenye ramani, kisha inasubiri uvuke mstari wake. Wengi wanadhani wakati wote huo simu inaongea na setilaiti. Ingefanya hivyo, betri isingefika mchana. Inachofanya ni kuangalia vitu vya bei rahisi: imeshika mnara gani wa simu, na inasikia ruta zipi za Wi-Fi hapo karibu. Google na Apple wana orodha kubwa ya ruta na mahali zilipo, hivyo simu ikisikia tatu au nne inajua iko mtaa gani bila hata kujiunga nazo. Mjini, njia hii huipata sehemu kwa kosa la mita 20 hadi 50. Kijijini ambako hakuna ruta na mnara ni mmoja, kosa huwa mita mamia kadhaa, na wakati mwingine kilomita kadhaa.

Ubanaji huo wa betri una gharama yake, nayo ni muda. Kwenye Android, programu ikiwa nyuma ya pazia, taarifa kwamba umevuka duara huchelewa wastani wa dakika 2 hadi 3. Simu ikiwa imelala mezani bila kusogezwa kwa muda mrefu, ucheleweshaji unaweza kufika dakika 6, kwa sababu simu isiyosogea haina haja ya kujiuliza iko wapi. iPhone nayo haikurupuki: husubiri uvuke mstari, usogee umbali kidogo kutoka kwenye mstari huo, kisha ubaki upande huo kwa angalau sekunde 20, ndipo ikubali kwamba umefika.

Sasa turudi Shekilango. Mtu anayetembea kawaida huenda kama mita 80 kwa dakika. Duara la mita 100 lina upana wa mita 200, yaani dakika mbili na nusu za kutembea ukilipita katikati. Mdogo wangu alikuwa anashukia ndani ya duara tayari, anapita mbele ya duka, na ndani ya dakika mbili ameshatoka upande wa pili. Simu iko kwenye mkoba na inahitaji dakika mbili au tatu ili itambue kwamba ameingia. Hesabu hiyo haikubali. Siku alizosimama kununua nyanya hapo kituoni kikumbusho kilimkuta kwa wakati, na siku alizonyoosha moja kwa moja kilimkuta mlangoni kwake. Kwa mtazamaji inaonekana kama simu ina siku zake, kumbe tofauti ilikuwa nyanya.

Nilichofanya ni kukuza duara hadi nusu kipenyo cha mita 400. Basi likienda kilomita 30 kwa saa linamaliza mita 500 kwa dakika, hivyo linaingia kwenye duara kama sekunde 50 kabla ya kufika kituoni. Ongeza muda wa kusimama, kushuka, kutoka kituoni na kuvuka barabara: ukifika mbele ya duka zimeshapita dakika tatu hivi tangu simu ivuke mstari. Hapo kikumbusho kinalia ukiwa unashuka au unavuka, bado duka liko mbele yako. Programu ya Reminders kwenye iPhone hukuonyesha duara kwenye ramani, nawe unavuta nukta iliyo pembeni yake kulikuza. Baadhi ya programu za Android zina mahali pa kuandika mita au kusogeza kidole.

Kwa hiyo ukipanga kikumbusho cha dukani, usijiulize duka liko wapi. Jiulize utakuwa wapi dakika tatu kabla ya kulifikia, na unakwenda kwa nini: kwa miguu, kwa bodaboda au kwa basi. Anayekuja kwa miguu kutoka nyumbani, duara la mita 250 linamtosha. Anayekuja kwa gari anahitaji kubwa zaidi. Ukiona kikumbusho kinalia wakati gari linapita tu barabarani bila kusimama, ujue duara limekuwa kubwa mno kwa mwendo wako, lipunguze kidogo kidogo. Chini ya mita 100 nisingeshuka kwa hali yoyote. Watengenezaji wa Android wenyewe wanashauri mita 100 hadi 150 iwe ndiyo ndogo kabisa.

Kuna jaribio dogo la kufanya kabla ya kuchagua. Nenda mahali penyewe, fungua Google Maps, subiri nukta ya bluu itulie. Kuizunguka utaona kivuli cha mviringo cha bluu hafifu. Kivuli hicho ndicho kosa la simu hapo ulipo, na hata hicho si kiapo: kwa Android maana yake ni kwamba mara 68 kati ya 100 uko ndani yake, na mara zilizobaki uko nje. Kivuli kikifunika majengo mawili matatu, uko salama. Kikifunika mtaa mzima, duara lako lazima lizidi mtaa huo, ama uachane na kikumbusho cha mahali na utumie cha saa.

Duara kubwa lilileta tatizo lingine ambalo sikuliona mapema. Asubuhi mdogo wangu hutembea kutoka nyumbani kwenda kituoni, na kwa kuwa nyumba iko mita 700 kutoka dukani, yuko nje ya duara. Akikaribia kituo anaingia ndani, simu inalia saa 12 na nusu asubuhi, duka bado limefungwa, naye anakifuta kikumbusho kwa kuwa ana haraka. Jioni hakuna kitu. Dawa ya hili ilikuwa rahisi: kikumbusho anakiandika akiwa kazini, baada ya chakula cha mchana, kinalia mara moja jioni na kuisha. Kwa mtu anayetaka kijirudie kila wiki, atafute programu inayokubali masharti mawili kwa pamoja, mahali na saa. Kwenye Android, Tasker inaweza hivyo.

Upande wa kuondoka nyumbani nina maoni makali zaidi, maana hapo watu wengi hukata tamaa. Wanaweka "chukua funguo", "chukua kitambulisho", "zima pasi", wakichagua Leaving. Fanya hesabu ileile. Duara la nyumbani ni mita 150. Simu ilikuwa mezani usiku kucha, hivyo imechelewa kuamka. Hata ukiipa dakika 3 tu baada ya kuvuka mstari, kwa mita 80 kwa dakika umeongeza mita 240. Kikumbusho kinalia ukiwa karibu mita 400 kutoka mlangoni. Kitambulisho kiko nyumbani na wewe uko kituoni. Kupunguza duara hakusaidii, kwa sababu duara dogo kuliko kosa la simu litakwambia umeondoka ukiwa umelala.

Kikumbusho cha kuondoka kinafaa kwa mambo yanayofanyika njiani: kumpigia fundi, kununua LUKU kabla umeme haujaisha, kumjulisha mwenzako kwamba umeshatoka. Vitu vya kubeba viandikie kengele ya saa, robo saa kabla ya kutoka, au vitundike kwenye kitasa cha mlango.

Na umeme ukikatika? Hili lilinisumbua sana mwanzoni. Nilikuwa na kikumbusho cha kuondoka nyumbani, kikalia saa 8 usiku nikiwa kitandani. Taa za mtaa mzima zilikuwa zimezimika. Ruta yangu na za majirani zote zilinyamaza kwa pamoja, simu ikabaki na minara tu, na makadirio yake yakaruka mita mia kadhaa hadi nje ya duara. Kwake ilikuwa wazi kwamba nimetoka. Tangu siku hiyo duara la nyumbani nimeliweka mita 300, na usumbufu umepungua sana. Ukiona vikumbusho vya kuondoka vinalia pale umeme unapokatika, sababu ni hiyo, usihangaike kubadilisha programu.

Kikumbusho kikiwa hakilii kabisa, hapo angalia ruhusa. Programu inatakiwa ipewe Allow all the time kwenye Android, pamoja na Use precise location. Ukiipa ruhusa ya wakati unaitumia tu, itafanya kazi vizuri ukiwa umeifungua na kufa ukiifunga, nawe utadhani imepona kila unapoijaribu. Kwenye iPhone pitia Settings, Privacy & Security, Location Services, kisha programu yenyewe, uhakikishe Precise Location imewashwa. Dalili nyingine ni kikumbusho kilichokuwa kikifanya kazi kikaacha baada ya simu kuzima kwa kuishiwa chaji. Android husahau maduara yote simu ikizimwa na kuwashwa, na ni kazi ya programu kuyasajili upya. Nyingine hazifanyi hivyo mpaka uzifungue kwa mkono. Ifungue mara moja, kisha jaribu tena.

Ukijaribu, usijaribie ukiwa umekaa ndani ya duara. iPhone husubiri uvuke mstari. Kama tayari uko ndani, haina cha kukuambia mpaka utoke na kurudi. Wengi wameniletea simu wakisema imeharibika, kumbe waliweka "nikifika nyumbani" wakiwa wamekaa sebuleni. Toka nje, tembea hadi uwe umeshapita mstari kwa mita mia mbili zaidi, kaa dakika tano, halafu urudi.

Mdogo wangu sasa anaandika dawa akiwa Posta. Juzi kililia akiwa bado amesimama mlangoni mwa basi, Shekilango inaonekana mbele, akanitumia picha ya vidonge kabla hajafika nyumbani.